Stika za Simu kwa Agizo: Fomu, Marekebisho na Haki ya Matumizi

Mtu amwagizapo seremala meza, hulipa fedha, huchukua meza yake, na shughuli huwa imekwisha. Akitaka kuipaka rangi nyingine ataipaka. Akitaka kuikata miguu ataikata. Akichoka nayo ataiuza. Seremala hana neno, kwa maana meza ni kitu kimoja, na kitu hicho kimekwisha kuhama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Mchoro wa kidijitali hauendi hivyo. Mchoraji akimpelekea mteja faili, faili lile lile hubaki katika tableti ya mchoraji. Mteja naye aweza kulituma kwa watu mia, na kila mmoja wao akawa na nakala isiyopungua chochote. Hakuna kitu kilichohama. Kilichouzwa kwa kweli ni mambo mawili: kazi ya mkono iliyofanywa kwa saa kadhaa, na ruhusa ya kutumia matokeo ya kazi hiyo kwa namna fulani. Vijana wengi wanaouza michoro kwa simu huijua bei ya jambo la kwanza na kulisahau la pili. Makala haya yanachambua agizo moja la stika, tangu ujumbe wa kwanza hadi malipo ya mwisho, ili kuonyesha mahali ambapo fedha hupotea na mahali ambapo haki hupotea. Mfano umetungwa kwa ajili ya somo, na bei zilizomo ni za mfano tu. Lakini vipimo vya faili na vifungu vya sheria ni vya kweli.

Agizo lenyewe

Mchoraji kijana wa Mombasa anapokea ujumbe kutoka kwa mama mwenye hoteli ndogo ya chai na mahamri: “Mwanangu, nichoree stika kumi na mbili za hoteli yangu. Ziwe na paka ameshika kikombe. Nitakupa elfu sita.” Kijana anajibu: “Sawa, Mama, zitakuwa tayari wiki ijayo.” Hapo wote wawili wanaamini kwamba wamekwisha kuelewana.

Hawajaelewana. Ujumbe ule haukusema stika zitatumika wapi, zitakuwa na maneno gani, mama anaweza kudai zibadilishwe mara ngapi, wala paka yule atakuwa wa nani. Yule mama anafikiri amenunua paka. Yule kijana anafikiri ameuza picha kumi na mbili ndogo za kutumiana katika simu. Tofauti hii haionekani siku ya kwanza. Huonekana mwezi wa tatu, paka atakapotokea juu ya vikombe, fulana na ubao wa mlangoni.

Stika ni faili la namna gani

Kabla ya kuandika fomu yoyote, mchoraji hana budi kujua ni kitu gani atakachokabidhi. Stika ya WhatsApp ni picha ya mraba yenye pikseli 512 kwa 512, iliyohifadhiwa katika mtindo wa `WebP`, na mandhari yake ni angavu, yaani hapana rangi yoyote nyuma ya mchoro. Faili la stika isiyo na mwendo halipaswi kuzidi kilobaiti 100. Lenye mwendo halipaswi kuzidi kilobaiti 500. Pakiti moja huwa na stika zisizopungua 3 wala kuzidi 30, pamoja na picha ndogo ya kuitambulisha pakiti yenye pikseli 96 kwa 96. Mitandao mingine ina vipimo vyake, na ndiyo sababu fomu huuliza mapema stika ni za mtandao upi.

Kikomo cha kilobaiti 100 kina athari juu ya mtindo wa kuchora. `WebP` hubana picha kwa kutafuta sehemu zinazofanana. Eneo pana la rangi moja hubanwa kwa urahisi mno. Eneo lenye chembechembe, kama lile la brashi inayoiga chaki au rangi ya mafuta, halibaniki vizuri, kwa kuwa kila pikseli ni tofauti na jirani yake. Mteja akionyesha mchoro wenye chembechembe nyingi na kusema “nataka hivi hivi,” mchoraji amweleze hapo hapo kwamba chembechembe hizo zitapungua katika stika. Akinyamaza, atakuja kuzipunguza baadaye, na mteja atalalamika kwamba hakupewa alichoonyeshwa.

Jambo lingine ni udogo. Katika mazungumzo, stika huonekana kwa upana wa sentimeta chache tu. Mstari mwembamba uliopendeza katika tableti hufifia, na sentensi ya maneno manane haisomeki. Kipimo chepesi ni kuipunguza picha mpaka upana wa sentimeta mbili na nusu, kisha kuitazama simu ikiwa imeshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Kisichosomeka hapo hakitasomeka kwa mteja. Vilevile watu wengine hutumia simu zao zikiwa na mandhari nyeupe na wengine nyeusi. Paka mweusi katika mandhari nyeusi hubaki macho tu. Kwa hiyo WhatsApp hushauri kuuzungushia mchoro mpaka mweupe wa pikseli 8, na kuacha nafasi ya pikseli 16 kati ya mchoro na ukingo wa picha.

Inafaa pia kufahamu kwamba pakiti ya WhatsApp, ikishatumwa, husambaa bila hesabu. Anayepokea stika huihifadhi na kuituma kwa wengine, na mchoraji halipwi kwa nakala hizo. Kuna masoko ya namna nyingine: mtandao wa LINE, unaotumiwa sana Japani, Taiwani na Tailandi, ulifungua mwaka 2014 soko ambamo wachoraji huuza seti za stika na kulipwa sehemu ya kila seti inayonunuliwa. Lakini mchoraji wa Mombasa anayemchorea mwenye hoteli hana soko hilo. Malipo yake yote hutoka kwa mteja mmoja, mara moja. Basi yote anayotaka kulipwa lazima yawe katika bei ya agizo.

Fomu ya agizo

Fomu nzuri si ndefu. Ukurasa mmoja watosha, na yaweza kuandikwa kama ujumbe wa simu ambao mteja anajaza na kurudisha. Kazi yake ni kuuliza maswali ambayo mteja hakujua kwamba yapo.

Swali la kwanza ni la matumizi: “Stika hizi zitatumika wapi?” Swali hili hutangulia lile la bei, kwa sababu ndilo linalozaa bei. Mteja achague: katika mazungumzo ya simu tu, katika matangazo ya hoteli, juu ya bidhaa zinazouzwa, au kwingineko, na aeleze. Yule mama, akiulizwa hivi, yamkini atasema, “Za simu tu, lakini huenda nikachapisha vikombe Ramadhani ikikaribia.” Neno “huenda” lina thamani ya maelfu ya shilingi, nalo lisingetamkwa kama hakuna aliyeuliza.

Kisha hufuata orodha ya stika zenyewe, kila moja kwa mstari wake: hali ya paka na maneno yatakayoandikwa. “Paka anapuliza chai, maneno: Ngoja ipoe.” “Paka amelala juu ya sinia, maneno: Tumefunga.” Mteja ayaandike maneno kwa mkono wake mwenyewe na kwa tahajia anayoitaka. Kosa la tahajia lililo katika fomu ni la mteja. Kosa lililo katika stika na halimo katika fomu ni la mchoraji, naye hulisahihisha bila malipo wala bila kulihesabu kuwa marekebisho. Mpaka huu mdogo huzuia ugomvi mwingi.

Fomu iulize pia kama kuna picha za kufuatiza, na zimetoka wapi. Mteja akileta nembo ya timu ya mpira au uso wa mwimbaji maarufu, mchoraji hawezi kumpa ruhusa ya kuvitumia, kwa kuwa ruhusa hiyo si yake. Kulipwa kwa kazi ya kuchora hakumpi mamlaka juu ya nembo ya mwingine.

Mwisho kuna tarehe na fedha. Desturi inayofaa kwa kazi ndogo ni nusu iwe arbuni kabla ya rasimu ya kwanza, na nusu ya pili ilipwe kabla ya mafaili safi kukabidhiwa. Katikati, mteja huonyeshwa picha ndogo zenye maandishi hafifu juu yake, ili aweze kuzikagua bila kuweza kuzitumia. Malipo yakija kwa M-Pesa, namba ya muamala iandikwe katika fomu, na mchoraji athibitishe salio katika akaunti yake mwenyewe badala ya kutegemea ujumbe ambao mteja amemtumia kama uthibitisho, maana ujumbe wa namna hiyo hughushiwa. Na mchoraji ambaye hajatimiza miaka 18, kama walivyo wanafunzi wengi, ni vizuri mzazi au mlezi wake atie sahihi pamoja naye.

Hesabu ya marekebisho

Swali lililo gumu kuliko yote ni mara ngapi mteja anaweza kusema “badilisha kidogo.” Ili kuona kwa nini, inafaa kuhesabu saa.

Chukulia kwamba mchoraji anatumia saa 2 kuandaa karatasi ya mhusika, yaani mchoro mmoja unaomwonyesha paka kwa mbele, kwa ubavu, na kwa nyuso tatu au nne: anacheka, amenuna, ana usingizi. Baada ya hapo kila stika humchukua dakika 15 za rasimu, dakika 35 za mistari, dakika 25 za rangi, na dakika 15 za maneno, mpaka mweupe na kuhifadhi faili. Jumla ni dakika 90 kwa stika, au saa 18 kwa stika 12. Ukiongeza saa 2 za mhusika, kazi nzima ni saa 20. Kwa shilingi 6,000, mchoraji anapata shilingi 300 kwa saa.

Sasa mama anatazama stika zilizokamilika na kusema, “Zinapendeza, ila masikio ya paka yawe madogo kidogo.” Ombi ni dogo kwa maneno. Lakini paka yumo katika stika zote 12, na masikio yake yamekwisha kuchorwa kwa mistari, kutiwa rangi na kuzungushiwa mpaka mweupe. Ikiwa kila stika itahitaji dakika 40, badiliko hilo litakula saa 8. Badiliko lile lile lingeombwa wakati wa rasimu, lingetaka labda dakika 5 kwa kila stika, yaani saa 1 tu. Na kama lingeombwa mbele ya karatasi ya mhusika, lingekwisha kwa robo saa.

Hapa ndipo siri ya stika ilipo. Katika picha moja ya ukutani, badiliko la uso ni badiliko moja. Katika pakiti, badiliko la mhusika huzidishwa kwa idadi ya stika, na kadiri linavyochelewa ndivyo linavyozidishwa kwa namba kubwa zaidi. Mteja akiomba mabadiliko matatu ya namna hiyo mwishoni, saa 24 huongezeka juu ya zile 20. Shilingi 6,000 zikigawanywa kwa saa 44 ni kama shilingi 136 kwa saa. Mchoraji amepoteza zaidi ya nusu ya ujira wake bila mteja kumdhulumu kwa makusudi, kwa kuwa mteja hakuambiwa kamwe kwamba masikio yana bei.

Kwa sababu hiyo, kusema tu “marekebisho mawili bure” hakusaidii sana. Kikomo kinachofaa hufungwa kwenye hatua. Katika agizo hili fomu yaweza kusema hivi: “Karatasi ya mhusika: marekebisho mawili. Rasimu za stika: marekebisho mawili. Stika zilizotiwa rangi: rekebisho moja, la rangi au maneno tu. Hatua ikishakubaliwa kwa maandishi, kuirudia ni kazi mpya, shilingi 400 kwa saa.” Mteja hapati machache, anapata matano. Lakini yale makubwa yamewekwa mwanzoni, yanapogharimu kidogo.

Neno “rekebisho” nalo litaka maana. Bila maana, mteja atatuma ujumbe asubuhi kuhusu mkia, adhuhuri kuhusu kikombe, na usiku kuhusu mkia tena baada ya kumwonyesha shemeji yake. Je, hayo ni matatu au ni moja? Fomu iseme: rekebisho moja ni orodha moja ya mambo yote, iliyotumwa kwa mara moja ndani ya siku 5 tangu picha zilipoonyeshwa. Siku hizo zikipita bila jibu, mchoraji anamkumbusha mteja. Akiendelea kunyamaza kwa siku nyingine 5, hatua huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Kifungu hiki chaweza kuonekana kikali, lakini mchoraji aliyewahi kungojea jibu la mteja miezi miwili, arbuni imekwisha kuliwa na kazi haijaisha, atakielewa.

Iko alama moja ambayo huonyesha mapema kwamba marekebisho yataharibika: mteja anapoanza kusema kwa niaba ya watu wengine. “Mume wangu anasema,” “Wafanyakazi wanasema.” Maana yake ni kwamba mwenye uamuzi si yule aliyejaza fomu. Fomu iulize tangu mwanzo: “Nani atakayekubali kazi?” na jina liwe moja.

Ukimya wa fomu na sheria ya Kenya

Imebaki haki ya matumizi, na hapa kuna jambo ambalo wachoraji wengi wa Kenya hawalijui. Hakimiliki huzaliwa yenyewe kazi inapochorwa. Haihitaji kusajiliwa kwanza. Wengi wanajua hivyo, na kutokana na hapo hudhani kwamba aliyechora ndiye mwenye mali mpaka atakapoiuza. Kwa kazi aliyojichorea mwenyewe, ni kweli. Kwa kazi aliyoagizwa, sivyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, yasema kwamba hakimiliki huwa kwanza ya mtunzi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana kuuzuia au kuupunguza uhamisho huo. Kwa maneno mepesi: mkikaa kimya, paka ni wa mama.

Yafaa kulitazama jambo hili polepole, kwa kuwa mchoraji wa leo hujifunza biashara kwa kunakili fomu za wachoraji wa nchi nyingine. Fomu iliyotungwa Uingereza yaweza kutosema lolote kuhusu umiliki, na mchoraji wake akawa salama, kwa sababu sheria ya huko ya mwaka 1988 humwachia mtunzi hakimiliki hata kama kazi imeagizwa, mradi yeye si mwajiriwa wa aliyeagiza. Fomu hiyo hiyo ikiletwa Mombasa, kwa maneno yale yale na ukimya ule ule, hutoa matokeo yaliyo kinyume kabisa. Ukimya una maana, na maana yake hubadilika mpakani. Msomaji aliye Tanzania au Uganda naye asome sheria ya nchi yake kabla ya kuifuata fomu ya jirani.

Basi yule kijana, aliyejibu “Sawa, Mama” bila fomu, hana la kusema vikombe vitakapochapishwa. Hata yeye mwenyewe akitaka kumchora paka yule yule katika pakiti nyingine, mama anaweza kumzuia. Kinachomsalia ni haki za kimaadili, ambazo kifungu cha 32 humwachia mtunzi hata baada ya hakimiliki kuhama: kudai kutambuliwa kuwa yeye ndiye aliyechora, na kupinga mchoro wake kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake. Haki hizo ni za kweli, lakini hazilipi kodi ya nyumba.

Dawa yake ni sentensi mbili. Ya kwanza huzuia uhamisho: “Hakimiliki ya michoro yote inabaki kwa mchoraji, ingawa kazi imeagizwa na kulipiwa na mteja.” Ya pili humpa mteja ruhusa anayoihitaji: “Mteja anaruhusiwa kutumia stika hizi katika mazungumzo ya simu na katika matangazo ya hoteli yake, bila kikomo cha muda, haruhusiwi kuzichapisha juu ya bidhaa za kuuza, kuzibadilisha, wala kuziuza kwa mwingine, ila kwa makubaliano mapya.” Sheria haikutamka kwamba makubaliano ya kuzuia uhamisho ni lazima yaandikwe, lakini anayedai kwamba yalikuwepo ndiye atakayetakiwa kuyathibitisha, na maneno ya mdomo hayathibitishiki kwa urahisi. Kwa upande wa uhamisho wa hakimiliki unaofanywa baadaye, na leseni ya pekee, yaani ile inayomfungia kila mtu mwingine, sheria imetamka: ni lazima viwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayetoa haki. Leseni isiyo ya pekee yaweza hata kutolewa kwa mdomo, au kueleweka kutokana na matendo ya wahusika. Hiyo nayo ni sababu ya kuandika, maana mchoraji anayeona vikombe na kunyamaza mwaka mzima aweza kuambiwa kwamba kunyamaza kwake kulikuwa ruhusa.

Mama naye ana haki ya kulindwa. Paka akishazoeleka, huwa sura ya hoteli yake, na ni dhuluma kumkuta paka huyo huyo akiuza chai ng’ambo ya barabara. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara huongeza: “Mchoraji hatamtumia mhusika huyu kwa biashara nyingine ya chakula au vinywaji.” Kwa sentensi hiyo hapotezi kitu anachokihitaji, na mteja hupata kile hasa alichokuwa akikiogopa kukipoteza. Mara nyingi mteja anayedai “haki zote” hutaka hilo tu, ila hajui namna nyingine ya kulisema.

Na kama anataka haki zote kwa kweli, auziwe, lakini kwa bei yake. Fomu ya mfano huu ingeweza kuonyesha safu tatu: shilingi 6,000 kwa simu na matangazo, nyongeza ya shilingi 4,000 kwa kuchapa vikombe na fulana kwa miaka 2, au shilingi 21,000 kwa kazi pamoja na hakimiliki yenyewe. Mteja huona kwa macho kwamba kazi ni ile ile, saa ni zile zile 20, na kinachobadilika ni ruhusa.

Faili la asili

Ishara ya kwanza kwamba matumizi yamebadilika haiji kwa barua. Huja kwa ombi dogo: “Mwanangu, hebu nitumie ile picha kubwa, yenye matabaka.” Mtu wa kiwanda cha kuchapa ndiye aliyemwambia, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Wachapaji huhitaji pikseli zipatazo 300 kwa kila inchi ya karatasi au kitambaa ili mchoro uwe mkali. Stika yenye pikseli 512, kwa kipimo hicho, hujaza upana wa inchi 1.7, yaani sentimeta 4.3 hivi. Juu ya kikombe, ambapo mchoro unatakiwa kuwa na upana wa sentimeta 8, zinahitajika pikseli kama 945. Juu ya fulana, kwa upana wa sentimeta 30, stika ile ile itakuwa na pikseli 43 tu kwa inchi, na paka ataonekana kama ameshonwa kwa matofali. Kwa hiyo asiye na faili kubwa hawezi kuchapa vizuri, na atalitafuta.

Mchoraji hufanya vyema kuchora kila stika katika mraba mkubwa, mathalani pikseli 2048 kwa 2048, kisha kuipunguza anapohifadhi `WebP`. Faili kubwa lenye matabaka hubaki kwake, na fomu iseme wazi kwamba halimo katika bei. Wako wachoraji wanaodhani kwamba kulizuia faili kubwa kunatosha, na hakuna haja ya vifungu. Wanakosea, kwani mtu mwingine aweza kuifuatiza stika kwa mkono na kuikuza apendavyo; na pale ambapo fomu ilinyamaza, mwenye hakimiliki ni mteja, naye hafanyi kosa lolote. Faili dogo ni kizuizi cha ufundi tu. Faida yake ni kwamba humleta mteja mlangoni, naye akifika akute safu ya pili ya bei imeandikwa tangu siku ya kwanza. Hapo jibu ni jepesi: “Hapana taabu, Mama. Kuchapa vikombe ni ile nyongeza ya elfu nne iliyomo katika fomu tuliyotia sahihi. Nikiipata, nakutumia faili leo hii.”

Zoezi kwa wanafunzi

Mchoraji amekubali agizo la stika 20 zenye wahusika wawili, bibi na mjukuu. Wote wawili wamo katika stika 14. Bibi yuko peke yake katika stika 3, na mjukuu peke yake katika stika 3. Baada ya rangi kutiwa, mteja anaomba kilemba cha bibi kibadilishwe umbo. Badiliko hilo linachukua dakika 25 kwa kila stika. Tafuta saa zitakazotumika. Kisha andika kifungu cha marekebisho ambacho kingeliweka ombi hilo katika hatua ya mapema, na kifungu cha haki ya matumizi kwa mteja ambaye ni shule, inayotaka kuzituma stika hizo kwa wazazi na kuzichapa katika jarida lake la mwaka, lakini haikusudii kuziuza.